Spreyi za kukinga nywele na moto: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mteja wangu mmoja alikuja Jumamosi na chupa yake mkononi. "Dada, hii imeandikwa inakinga mpaka nyuzi 230, kwa hiyo leo pasi iweke mpaka mwisho." Niliiwasha nikaiacha kwenye 180, akanuna. Maelezo niliyompa huku namchana ndiyo haya, pamoja na mpangilio wangu wa spreyi kuanzia ile ninayoona inastahili pesa zako.

Kwanza, zinasaidia kweli? Zinasaidia, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Spreyi huacha utando mwembamba juu ya unywele, na utando huo hauzuii moto kupita. Unaupunguza kasi, unausambaza ili usichome sehemu moja, na unaulainisha unywele ili kitana na pasi viteleze. Kwa nywele za kipilipili, huko kuteleza ni nusu ya kazi nzima, kwa sababu nyingi hukatika kwa kuvutwa na kitana cha draya kabla moto haujafanya lolote. Lakini pasi ikishikilia nyuzi 220 kwenye fungu moja kwa sekunde kadhaa, unywele utafikia joto la pasi, uwe na spreyi au usiwe nayo. Na joto hilo ndilo ambalo protini ya unywele mkavu huanza kuharibika moja kwa moja. Nyuzi 230 za kwenye chupa zisomwe kama tangazo la mtengenezaji. Hazikupi ruhusa ya kufika huko.

Unywele wenye maji huharibika mapema zaidi. Maji yaliyo ndani yake yakipata moto ghafla yanageuka mvuke, yanakosa pa kutokea, na yanaacha viputo ndani ya unywele. Hapo ndipo utakapoukuta umekatika wiki ijayo. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si jina la kampuni. Jiulize unakwenda kutumia draya kwenye nywele mbichi, au pasi kwenye nywele kavu.

Namba moja kwangu ni spreyi ya maji yenye silikoni, ile nyeupe kama maziwa au yenye tabaka mbili unazotikisa kabla ya kupuliza. Hii ni ya draya. Geuza chupa usome viambato. Maji yatakuwa ya kwanza, na ndani ya majina matano au sita ya mwanzo utafute dimethicone au amodimethicone. Hiyo ya pili hupenda kushika sehemu zilizokwisha kuumia, kwa hiyo nywele za dawa au zilizopakwa rangi huifurahia. Ukiona jina la namna hiyo limejificha mwisho kabisa, karibu na manukato, unauziwa maji yenye harufu nzuri.

Ya pili ni spreyi kavu ya kutangulia pasi. Mara nyingi ina spiriti ili ikauke upesi, pamoja na silikoni. Hapa utakutana na cyclopentasiloxane. Yenyewe hupaa hewani, kazi yake ni kuisambaza silikoni nzito zaidi, hivyo hakikisha haiko peke yake. Nimeiweka ya pili kwa sababu moja tu: watu hawaiachi ikauke. Wanapuliza na kubana pasi papo hapo, fungu linalia "chsss", na wanadhani ndiyo dawa inafanya kazi. Sauti hiyo ni unyevu unaochemka juu ya nywele zako. Puliza, chana, subiri dakika moja au mbili, ushike fungu kwa vidole. Likiwa bado na ubaridi, subiri tena. Na spiriti hushika moto, kwa hiyo usiipulize karibu na jiko wala pasi iliyokwisha kupata moto.

Ya tatu si spreyi kamili, ni losheni au krimu ya kuacha kichwani. Kwa nywele nzito na ndefu huwa naipendelea hata kuliko namba moja, maana spreyi huishia juu na katikati ya fungu panabaki pakavu. Mwenye nywele nyepesi ataiona inazilaza.

Nne, mafuta ya nazi na wenzake. Yanalainisha, na ukipaka tone dogo kabla ya draya ya joto la kati hakuna ubaya. Ila usiyapeleke kwenye pasi. Mafuta ya nazi yasiyosafishwa huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 175, na watu hupaka mpaka nywele zinang'aa kama kitumbua kilichotoka kwenye karai. Hapo unakaanga.

Ya mwisho ni kopo la spreyi ya mng'ao, ambalo kila saluni inalo. Wauzaji wengi watakuambia ndiyo hiyo hiyo ya kukinga. Siyo. Ni mafuta na gesi inayowaka, kazi yake ni kung'arisha, na huja baada ya pasi kuzimwa. Ipende kwa kazi yake.

Kuhusu bei, angalia kinyunyizi kabla ya ujazo. Omba kupuliza mara moja kwenye kioo cha duka. Ukungu laini unaosambaa ni mzuri. Matone yanayotiririka yatalowesha sehemu moja na kuiruka nyingine. Kichwa cha kawaida nakigawa mafungu 8, kila fungu nalipuliza mara 3, jumla 24. Kinyunyizi cha kidole chenye ukungu laini hutoa kama mililita 0.15 kwa mara moja, hivyo unatumia chini kidogo ya mililita 4. Chupa ya mililita 200 itakutosha zaidi ya mara 50. Anayenyoosha mara mbili kwa mwezi ataitumia miaka miwili, kwa hiyo ya bei ya juu kidogo haina uchungu mwingi. Ikiisha ndani ya miezi mitatu, ujue unalowesha.

Kama pesa inatosha kitu kimoja tu, na pasi yako haina namba za joto, nunua pasi kwanza. Yenye namba unaiweka 150 hadi 160 kwa nywele za dawa au zilizopakwa rangi, 180 kwa za asili zilizo imara, na unapitisha mara moja, mbili ukizidisha. Ile isiyo na namba hujui iko wapi, na hakuna chupa ya kukuokoa hapo.

Namna ya kupima kama ulichonunua kinakufaa: baada ya kuosha nywele ulizonyoosha, chukua unywele mmoja uliong'oka wenyewe, uuweke kwenye glasi ya maji. Unywele mzima wa asili utajikunja tena. Ukibaki umenyooka kama uzi, moto ulikuwa mwingi, na hakuna spreyi itakayourudisha.

Yule wa Jumamosi tulimnyoosha kwa 180, spreyi ya maji kabla ya draya na kavu kabla ya pasi. Wiki mbili baadaye nilipomwosha, nywele za nyuma zilijikunja zote. Za mbele, ambazo alikuwa anazipitisha pasi kila asubuhi nyumbani kabla ya kwenda kazini, zilibaki zimelala. Tumekubaliana kuzipunguza sentimita mbili kila mwezi.