Sukari guru au shira ya tende?

Kwa kashata za karanga, sukari guru haina mpinzani. Sehemu kubwa yake ni sukari ya muwa, ambayo ikichemka hadi maji yaishe hukauka na kuwa ngumu. Dondosha tone kwenye maji baridi: likivunjika kwa mlio, mimina karanga, likivutika, bado. Shira ya tende imejaa sukari ya matunda inayovuta unyevu, na kwa hewa ya Dar kashata yake itakunata vidoleni tu. Mie naiweka kwenye uji wa ulezi au mtindi, ladha yake ya tunda isikike.

Kwenye chai ya maziwa, sukari guru huleta harufu ya moshi na chumvi kwa mbali, ila huweza kukata maziwa. Ipua kwanza, ndipo uitie.

Kuhifadhi? Sukari guru ikiachwa wazi hutoa jasho na kuota ukungu. Itie kwenye kopo linalobana. Shira uliyopika nyumbani ikae kwenye friji. Ikitoa povu na kunuka pombe, mwaga.