Kuondoa vumbi na dirisha kwenye picha ya chupa: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Nauza mafuta ya karafuu kwenye chupa za kioo cha kahawia, ml 50, zenye kifuniko cheusi kinachong'aa. Anayetaka kujua adha ya kupiga picha bidhaa ajaribu chupa ya namna hii. Kifuniko cheusi hakifichi hata chembe moja ya vumbi, na bega la chupa linachukua kila kilichomo chumbani: dirisha na nondo zake, mkono wangu, hadi simu yenyewe. Picha niliyokuwa nayo nilipojiunga na programu hii ilikuwa na vyote hivyo. Programu ni ya kuhariri picha kwa akili mnemba. Unapaka brashi juu ya eneo, unaandika unachotaka kifanyike, inakurudishia picha mpya. Kwa mwezi nalipa kama bei ya chupa mbili za mafuta.

Siku ya kwanza sikupaka brashi popote. Niliandika tu: "Safisha picha, ondoa vumbi na uakisi wote." Ilivyorudi nilifurahi, nikaipandisha dukani siku hiyohiyo. Kesho yake asubuhi mteja akaniandikia: "Dada, hii Karafun ndiyo dawa gani?" Nikaikuza picha. Kweli, lebo ilikuwa imechorwa upya na herufi ya mwisho ya "Karafuu" imegeuka kuwa n. Nikaanza kuona na mengine. Ile michirizi miwili mirefu ya mwanga iliyokuwa ikishuka pembeni mwa chupa haikuwepo tena, na chupa imekaa kama kipande cha plastiki kilichobandikwa kwenye karatasi.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba programu hii haifuti kama kitambaa kinavyofuta. Inachora. Usipoiwekea mpaka, inaichora picha nzima upya, na maandishi madogo ndiyo yanayoumia kwanza. Halafu neno "wote" nililiandika mimi mwenyewe. Mwanga unaoshuka pembeni mwa chupa nao ni uakisi, ila huo ndio unaoliambia jicho kwamba kile ni kioo na ni cha mviringo. Uakisi wa dirisha ni uchafu, mchirizi wa pembeni ni umbo la chupa. Programu haiwezi kujua tofauti hiyo usipoitaja.

Tangu hapo napaka brashi juu ya dirisha peke yake, nikizidisha kidogo nje ya kingo zake, na agizo langu linasema mambo matatu: kitu gani kiondoke na kiko wapi, mahali pake pawe na nini, na kipi kisiguswe. Kwa bega la chupa niliandika hivi:

```
Ondoa umbo la dirisha lenye nondo kwenye bega la kushoto
la chupa. Mahali pake pawe kioo cha kahawia kinachokolea
taratibu kuelekea ukingoni. Mchirizi mrefu wa mwanga wa
kushoto ubaki ulivyo. Usiguse lebo.
```

Sentensi ya pili ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Nilipokuwa naandika "ondoa" tu, programu ilijaza pengo kwa inachokisia, na mara mbili iliniwekea dirisha jingine, safari hii halina nondo. Nilipoitajia rangi na namna inavyokolea, ilipatia kwa mara ya kwanza.

Vumbi nalo lina lugha yake. Neno "vumbi" peke yake liliifanya programu isugue kifuniko kizima mpaka ile mistari midogo ya wima, ya kushikia vidole wakati wa kufungua, ikapotea. Sasa naandika "nukta ndogo nyeupe na unywele mmoja juu ya kifuniko cheusi", kisha naongeza "mistari ya wima ya kifuniko ibaki yote". Lebo siipaki brashi kamwe. Karatasi yake ina chengachenga za asili, na programu inazihesabu kuwa vumbi. Kwenye chupa moja kulikuwa na kiputo cha hewa ndani ya kioo. Nilikiacha, maana mteja atakiona akiipokea chupa ileile, na hapo atauliza kwa nini kwenye picha hakikuwepo.

Malalamiko yangu makubwa ni ukubwa wa picha. Simu yangu inatoa picha ya pikseli 3024 kwa 4032, programu inarudisha yenye upande mrefu wa 1024. Kwenye simu huoni tofauti, lakini mteja akikuza lebo inakuwa ukungu. Njia niliyoizoea ni kukata kwanza kipande chenye kasoro, mfano kifuniko peke yake kikiwa na pikseli kama 900 kwa 900, nakisafisha, kisha nakirudisha juu ya picha asili kama tabaka la pili katika GIMP, programu nyingine ya kuhariri picha. Halafu kwa kifutio chenye kingo laini nafuta kila kitu kwenye tabaka hilo isipokuwa pale palipokuwa na doa. Hivyo lebo inayobaki ni ile iliyopigwa na kamera, na sihitaji kuomba Mungu herufi zisibadilike. Kila doa naanza nalo kutoka picha asili. Nilipokuwa nahariri juu ya iliyokwisha kuhaririwa, kufika mara ya nne kioo kilikuwa kimeanza kuwa na mng'ao wa nta.

Kabla ya kupandisha picha yoyote naikagua humohumo katika GIMP. Naweka iliyohaririwa juu ya asili, zikae sawasawa, kisha nabadilisha hali ya tabaka la juu kuwa `Difference`. Palipofanana panakuwa peusi kabisa, palipobadilika panatoa rangi. Ikiwa kazi imefanyika vizuri naona weusi mtupu na alama chache pale pale nilipopaka brashi. Siku ya Karafun ningefanya hivi ningeona lebo nzima inawaka. Mabadiliko madogo yanaweza kujificha gizani, kwa hiyo naongeza mwanga wa picha hiyo ya ukaguzi kabla ya kuiamini.

Kuna jambo moja ambalo agizo halisaidii, hata uliandike vizuri vipi. Kwenye picha moja mwanga wa dirisha ulipiga juu ya lebo yenyewe na kuichoma ikawa nyeupe tupu, "ml 50" haisomeki. Weupe wa namna ile hauna herufi zilizojificha chini yake. Kamera haikuzipata, kwa hiyo programu itatunga. Mimi ilinitungia "ml 80". Picha hiyo niliipiga upya. Siku hizi nikiona mwanga umepanda juu ya maandishi, napiga picha mbili chupa ikiwa palepale, ya pili nikiwa nimesogeza pazia. Mng'ao unahamia upande mwingine, nami nachukua lebo kutoka ile iliyo safi.

Pia nafuta kifuniko kwa kitambaa cha maikrofaiba kabla sijapiga, na natundika kanga nyeusi nyuma yangu. Vumbi lililokuwa likinichukua nusu saa ya kuhariri sasa limebaki nukta mbili tatu.

Kwa dirisha na mkono juu ya kioo kitupu, na kwa vumbi juu ya kifuniko, naipa programu hii nyota nne, na mwezi ujao nitalipia tena. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile 1024. Lebo zangu siipi.