Mstari mnyoofu au polinomia ya digrii 9?

Chukua nukta 10 za wimbi la sini, kila moja ikiwa na kosa dogo la kipimo, kisha ifunze modeli, yaani fomula inayojaribu kuzifuata nukta hizo. Mstari mnyoofu hauwezi kupinda, kwa hiyo unakosea hata kwenye nukta ulizofunzwa nazo. Ukileta nukta 10 nyingine, utabadilika kidogo tu na kukosea vilevile: huo ndio upendeleo.

Polinomia ya digrii 9 ina vigawo 10 vya kurekebisha, kimoja kwa kila nukta, hivyo inapita kwenye kila nukta na kosa la mafunzo ni sifuri. Inavutia, lakini imekariri hadi makosa ya vipimo. Badilisha nukta, nayo inayumba vibaya, hasa kwenye ncha: huo ndio mtawanyiko.

Kosa la mafunzo peke yake lingeichagua hii ya pili. Ndiyo maana tunatenga nukta za uthibitishaji, ambazo modeli haikuziona. Huko mstari unakosea karibu kama mwanzo, ilhali polinomia inakosea mno. Mimi ningeanza na digrii 3, iliyo kati ya hizo mbili. Ukishachagua digrii kwa nukta hizo za uthibitishaji, pima mara ya mwisho kwa fungu la tatu la nukta, kwani uchaguzi wenyewe umeshazizoea zile za uthibitishaji.