Ukurasa wa "Kunihusu": kurefusha kwa sifa au kwa kazi?

Fundi cherehani wa Sinza ana mistari miwili tu: "Nashona suti na magauni ya harusi. Napatikana Dar es Salaam." Anataka iwe ukurasa kamili kwenye tovuti yake.

Njia ya kwanza ni kuongeza sifa: mbunifu, mwaminifu, mwenye uzoefu wa muda mrefu. Inaandikika haraka. Lakini futa jina lake, weka la fundi yeyote wa Kariakoo, na hakuna sentensi itakayopingana nalo.

Njia ya pili ni kuyahoji maneno ya mistari ile: gauni linaanzaje, nani anakuja, wewe ulijifunzia wapi? Majibu yanaweza kuwa hivi:

"Bibi harusi huja na kitambaa chake, napima, nakata, kisha anarudi kujaribu gauni kabla sijamalizia pindo. Zikibaki siku chache harusi ifike, kazi mpya siipokei. Kushona nilifundishwa na mama, tukianza na sare za shule."

Hiyo sentensi ya kutopokea kazi naipenda kuliko zote. Anayesema wazi asichofanya huaminika zaidi kwa anachosema anafanya. Ukunjufu nao unatoka kwa mama na zile sare, bila neno "mkarimu" kutajwa popote.

Hatari ya njia hii ya pili ni simulizi la utotoni kurefuka hadi mteja anayetafuta bei na namba ya simu aondoke. Ndiyo maana kazi imetangulia, mama akafuata. Na aandike kwa "mimi"; "yeye" inafaa wasifu unaosomwa na mshereheshaji ukumbini.