Uzoefu wangu na 16:8: kuhesabu saa, na cha kufanya chakula cha usiku kikichelewa

Nina miezi minane nikifuata ratiba ya 16:8, yaani saa 16 bila kula na saa 8 za kula, nikihesabu kwa programu ya bure ya simu. Ratiba yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Programu naipa tatu, kwa sababu inajua kuhesabu lakini haijui mtu amekula saa ngapi, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Kinachohesabiwa ni muda kuanzia tonge la mwisho la usiku hadi tonge la kwanza la kesho yake. Si kuanzia ulipokaa mezani, wala ulipobonyeza kitufe. Ukianza kula saa 1:15 usiku na kumaliza saa 2:00, mfungo umeanza saa 2:00. Na kama saa 3:00 umekunywa kikombe cha chai ya maziwa yenye vijiko viwili vya sukari, mfungo umeanza saa 3:00, hata kama sahani zilikwisha kuoshwa. Hiki kikombe cha baada ya chakula ndicho kinachoharibu hesabu kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu watu hawakihesabu kuwa chakula. Maji, chai ya rangi isiyo na sukari na kahawa chungu havina shida. Huu si mfungo wa Ramadhani, kwa hiyo maji unakunywa muda wote.

Hesabu yenyewe haihitaji simu. Saa zetu zinagawa siku nusu mbili za saa 12, kwa hiyo chukua saa uliyomaliza kula, ihamishe upande wa asubuhi, kisha ongeza nne. Umemaliza saa 2:00 usiku? Ikifika saa 2:00 asubuhi una saa 12. Ongeza nne, unapata saa 6:00 mchana, ndipo unapofungua. Umemaliza saa 3:30 usiku? Saa 3:30 asubuhi, ongeza nne, saa 7:30 mchana. Anayefunga saa 14 anaongeza mbili badala ya nne.

Kwenye simu kuna mtego unaotuhusu sisi hasa. Programu nyingi zinaruhusu kurekebisha saa ya kuanza, na mtu aliyemaliza kula saa 2 usiku anaandika 2:00. Simu inaelewa saa nane, ya usiku au ya mchana kutegemea amechagua AM au PM. Ikifika saa 6:00 mchana, badala ya kuonyesha saa 16, itaonyesha 10 kwa AM au 22 kwa PM. Ukiona hesabu imepungua au kuzidi kwa saa sita kamili, tatizo ni hilo. Weka simu kwenye mfumo wa saa 24 na uandike 20:00. Na ukisahau kubonyeza kitufe cha kumaliza mfungo, inaendelea kuhesabu tu, mpaka inakupongeza kwa saa 24 ambazo hukuzifunga. Rekebisha siku hiyo hiyo, kwani wastani wa wiki unajengwa juu ya namba hizo.

Sasa chakula cha usiku kinapochelewa. Chukua mtu ambaye kwa kawaida anakula kuanzia saa 6:00 mchana hadi saa 2:00 usiku. Jumamosi kuna harusi, na chakula cha ukumbini kinafika mezani saa 4:00 usiku. Pilau, kuku, soda. Anamaliza saa 4:30. Programu inamwambia Jumapili asile mpaka saa 8:30 mchana. Akitii, halafu akachelewa tena chakula cha usiku kwa sababu cha mchana kilichelewa, Jumatatu anajikuta anafungua saa 8:30 tena. Sherehe ya usiku mmoja imeshasogeza wiki nzima. Nimeona kosa hili likiwachosha watu haraka kuliko njaa.

Sababu ni kwamba programu inahesabu kila mfungo peke yake. Wewe hesabu mzunguko mzima, kutoka tonge la mwisho la siku moja hadi tonge la mwisho la siku inayofuata. Siku za kawaida mzunguko huo ni saa 24, ndiyo maana 16 na 8 zinaingia bila shida. Lakini kutoka Ijumaa saa 2:00 usiku hadi Jumamosi saa 4:30 usiku ni saa 26 na nusu. Na kutoka hapo hadi Jumapili saa 2:00 usiku ni saa 21 na nusu tu. Saa mbili na nusu zilizozidi Jumamosi zinarudishwa Jumapili, na haziwezi kurudishwa huku ukidai 16 na 8 kamili kila siku.

Kwa hiyo mimi hurekebisha pande zote mbili za chakula kilichochelewa. Jumamosi, kwa kuwa harusi inajulikana mapema, sifungui saa 6:00 bali saa 7:30 mchana. Mfungo unakuwa saa 17 na nusu, na muda wa kula saa 9. Jumapili nafungua baada ya saa 14, yaani saa 6:30 mchana, na kufunga ukurasa saa 2:00 usiku kama kawaida, saa 7 na nusu za kula. Jumlisha siku mbili: saa 31 na nusu za kufunga, ambapo ratiba ingedai 32. Nusu saa tu imepotea, na Jumatatu unafungua saa 6:00 mchana ile ile. Kwenye programu, Jumapili badilisha lengo liwe 14:10 kabla ya kubonyeza, usije ukaandikiwa kwamba umeshindwa.

Chakula kikichelewa bila kutarajiwa, kwa foleni au kazi, nusu ya kwanza imeshapita. Hapo fanya ile ya pili tu: saa 14 kesho yake, kisha rudi. Kuchelewa kusikozidi nusu saa usikurekebishe hata kidogo. Ila usilale mara tu baada ya kula. Ipe tumbo saa mbili au tatu, hasa kama una kiungulia. Ukijua kwamba utafika nyumbani saa 4 usiku, kula mlo mkubwa saa 11 jioni na ubakize kitu kidogo.

Nyota ya tano nimeibakiza kwa sababu hii: saa peke yake haipunguzi uzito. Utafiti wa mwaka mzima wa Guangzhou, China, uliochapishwa mwaka 2022, uliwapunguzia chakula watu 139 wenye unene, nusu yao wakila kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Makundi yote mawili yalipungua, na tofauti kati yao haikuwa ya maana kitakwimu. Ratiba inakusaidia kula kidogo kama inakuondolea vitafunwa vya usiku. Ukifungua saa 6 mchana kwa chapati nne na soda, hesabu ya saa haikuokoi.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi asianze bila daktari wake kupanga upya dozi, maana sukari inaweza kushuka ghafla katikati ya mfungo. Jasho la baridi, kutetemeka au kuchanganyikiwa ni dalili kwamba sukari imeshuka: meza kitu chenye sukari papo hapo, hata zikibaki dakika kumi za kufungua. Mjamzito, anayenyonyesha na aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima chakula, ratiba hii si yao.