Kumwagizia mama chakula cha mgonjwa wa sukari kwenye ndege, Dar hadi London: uzoefu wangu

Mama ana sukari, anachoma insulini wakati wa kula, na nyama isiyochinjwa kihalali haigusi kabisa. Nyumbani mambo hayo mawili hayana shida. Kwenye ndege yanagongana, kwa sababu mifumo ya mashirika mengi inamruhusu abiria mmoja chakula maalumu cha aina moja tu. Kuna MOML, chakula cha Waislamu, na kuna DBML, chakula cha mgonjwa wa sukari. Ukichagua cha pili, cha kwanza kinaondoka. Na DBML ya shirika la Ulaya haikuahidi chochote kuhusu kuku alivyochinjwa.

Ndugu kadhaa walinishauri nimwagizie cha mboga ili kukwepa suala la nyama. Kwa mtu mwingine ni ushauri mzuri. Ila VGML haina nyama wala maziwa wala mayai, na jiko likishaondoa vyote hivyo kinachobaki kujaza sahani mara nyingi ni wali, tambi au viazi. Kwa mama, huo ni mlima wa wanga. (Anayekula mboga lakini anataka maziwa na mayai atafute VLML, na AVML ni mboga zilizopikwa kihindi, zenye viungo. Usibonyeze tu neno la kwanza lenye "veg".)

Kilichotutoa hapo ni kuchagua shirika kwanza, chakula baadaye. Emirates na Qatar Airways wanasema wazi kwamba chakula chote kwenye ndege zao ni halali. Ukiwa na shirika la namna hiyo huna haja ya kuitumia nafasi yako kwa MOML, unaiweka DBML na mambo mawili yanapatikana kwa pamoja. Tiketi ilizidi kidogo bei ya ile ya kupitia Ulaya. Tukalipa. Shirika tulilopanda ni la Ghuba, jina naliacha kwa sababu ya yaliyotokea wakati wa kurudi.

Kuhusu muda, mashirika mengi yanataka uagize angalau saa 24 kabla ya ndege kuondoka. Chakula cha Kiyahudi, KSML, mengine huanzia saa 48. Kwenye ndege hapapikwi kitu, panapashwa moto tu. Chakula kinapikwa jikoni nchi kavu, kinapozwa haraka, kinapangwa kwenye trei, na trei maalumu zinatengenezwa kwa kuhesabu orodha ya majina. Orodha ikishafika jikoni, hata mhudumu mwenye roho nzuri vipi hana trei ya kukupa.

Hizo saa 24 zinawachanganya watu kwenye ndege za usiku. Tiketi ikiandika 02:30 ya Jumanne, hiyo ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumanne, kwa hiyo mwisho wa kuagiza ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Ukijiambia utapiga simu Jumatatu asubuhi, umeshachelewa.

Tiketi tulikatiwa na wakala wa Kariakoo. Dada wa pale alisema "tayari, nimeshamwekea", na nina hakika aliweka. Hata hivyo nilimwomba aniprintie ukurasa wa bukingi, na nashauri kila mtu aombe hivyo. Unachotafuta ni kitu kama hiki:

```
SSR DBML XX HK1
```

SSR ni ombi la huduma maalumu, XX ni herufi za shirika, 1 ni idadi ya abiria. La maana ni HK, yaani imethibitishwa. Ukiona NN, ombi limetumwa na jibu bado. Ukiona UC, wamekataa. Na mstari huo uonekane kwa kila kipande cha safari: Dar hadi Ghuba kivyake, Ghuba hadi London kivyake. Kwetu kipande cha pili kilikuwa bado NN, tukarudi kesho yake tukakuta HK. Kama kipande kimoja kinarushwa na shirika jingine kwa tiketi hiyo hiyo, ningepiga simu kwa hilo linalorusha, maana jiko ni lao.

Safari ya kwenda ilikwenda vizuri. Trei ya mama ilifika kabla ya kigari cha chakula kuanza kupita, maana vyakula maalumu hugawiwa mwanzo. Juu ya kifuniko kulikuwa na stika yenye DBML na namba ya kiti, 34C. Mama alikuwa ameshabadilishana kiti na binti mmoja aliyetaka kukaa na mwanawe, hivyo trei ikaenda kwa yule binti, naye akaanza kuifungua. Nilinyoosha mkono mapema. Ukihama kiti, mwambie mhudumu hapo hapo.

Ndani: kuku wa kuoka bila mchuzi mzito, maharage mabichi na karoti, wali kiasi cha ngumi ya mtoto, mkate wa ngano isiyokobolewa, na tofaa badala ya keki. Kuku alikuwa hana chumvi ya maana, mama akalalamika, ila akamaliza. Mlo wa pili, kabla ya kutua, ulinishangaza: mayai na mboga sawa, lakini pembeni kikopo cha juisi ya machungwa. DBML ni mpango wa jumla, haiji na hesabu ya wanga, kwa hiyo macho yako bado yana kazi. Juisi niliinywa mimi.

Daktari wake alimwambia asichome insulini mpaka trei iwe mbele yake. Tuliona faida yake juu ya bahari: ndege ilianza kutikisika, wahudumu wakaamriwa wakae, na mlo ukachelewa karibu saa nzima. Angekuwa ameshachoma, tungekuwa tunahangaika na tende. Zilikuwepo mkobani, pamoja na karanga na mayai ya kuchemsha.

Kurudi ndiko kulikoniudhi. Tulikuwa tuondoke Heathrow Jumapili saa mbili usiku. Ijumaa mchana ukaja ujumbe: mmehamishiwa ndege ya saa tatu na nusu asubuhi, siku hiyo hiyo. Kuhusu chakula, kimya. Jioni nikafungua bukingi kwenye simu. Kipande cha Ghuba hadi Dar kilikuwa bado na DBML yake. Cha kutoka London kilikuwa kitupu, kwa sababu ombi linashikamana na ndege, na ile ndege kwetu haikuwepo tena. Na kwa kuwa ndege imewahishwa, mwisho wa kuagiza nao umewahi, sasa ni Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi. Programu ya simu ilinikatalia kuongeza. Nikapiga simu, nikasubiri sana, kaka aliyepokea akasema mama "atapewa tu huko huko". Nikamwomba aandike DBML kwenye bukingi mpya huku nikiwa hewani na anisomee hali yake. Akasoma NN. Alfajiri ya Jumamosi ikawa HK, na Jumapili trei ikaja na stika yake.

Kwa chakula nawapa nyota nne kati ya tano. Kwa ule ujumbe wa kubadilisha ndege bila kutaja kwamba chakula cha mgonjwa kimefutika, moja.