Uzoefu wangu na kufuta mazungumzo ya Telegram pande zote mbili: nini kinaondoka, nini kinabaki kwa mwenzako

Kwenye jambo hili moja Telegram naipa alama za juu. Tangu Machi 2019, katika mazungumzo ya watu wawili unaweza kufuta ujumbe wowote, wako au wa mwenzako, wa leo au wa miaka mitatu iliyopita, ukaondoka kwenye akaunti zote mbili. Hakuna ukomo wa muda, na hakuna maandishi yanayobaki kusema kwamba hapa palikuwa na ujumbe. Ukilinganisha na WhatsApp, ambako unafuta kwa wote meseji zako tu ndani ya siku mbili na kidogo, kisha inabaki alama ya kufutwa, tofauti ni kubwa.

Ila watu wengi wanaamini kitufe hiki kinafanya zaidi ya kinachofanya. Kinafuta ujumbe ndani ya mazungumzo yale. Kilichokwisha kutoka nje ya mazungumzo hakikifikii, na nguvu ya uhakiki huu nimeiweka hapo.

Kwanza hatua zenyewe, maana kosa kubwa kuliko yote hutokea hapa. Kwenye Android, shikilia jina la mtu kwenye orodha ya mazungumzo, gusa alama ya pipa la taka, na dirisha litatokea likiwa na kisanduku kilichoandikwa "Also delete for" pamoja na jina la mwenzako. Weka tiki hapo kabla ya kugusa "Delete chat". Kwenye iPhone, telezesha mazungumzo kwenda kushoto, gusa "Delete", kisha uchague kati ya kufuta kwako na kwa mwenzako au "Delete just for me". Kwenye kompyuta bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mazungumzo, "Delete chat", halafu tiki ileile.

Usipoweka tiki, mazungumzo yanaondoka kwako peke yako na kwa mwenzako yanabaki kamili. Ubaya wake ni kwamba huwezi kurudi nyuma ukarekebisha. Ili uamuru ujumbe ufutwe kwake, lazima ujumbe huo uwe bado upo kwako, na wewe umeshaufuta. Hata akikuandikia upya kesho, yale ya zamani hayarudi kwenye skrini yako. Njia pekee iliyobaki ni kumwomba yeye mwenyewe ayafute upande wake. Baada ya kufuta, chini ya skrini huonekana kitufe cha kutengua kwa takribani sekunde 5. Ukigundua umesahau tiki, okoa mambo hapo hapo, zikipita hizo basi.

Ukihitaji kufuta kipindi fulani tu, kuanzia Desemba 2021 inawezekana kuchagua kwa tarehe. Gusa tarehe inayoelea juu ya ujumbe unapopandisha mazungumzo, kalenda inafunguka, unachagua siku au mfululizo wa siku, kisha unafuta, na tiki ya mwenzako ipo vilevile. Mimi naipendelea njia hii kuliko kufuta kila kitu, kwa sababu mazungumzo yote yakitoweka ghafla mtu hugundua mara moja.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Mpangaji wa Dar es Salaam amemtumia dalali vitu vinne kupitia Telegram: namba yake ya NIDA kwa maandishi, picha ya kitambulisho, taarifa ya benki kama faili la PDF, na ujumbe wa sauti. Dalali anatumia simu ya Android, na ofisini ana kompyuta yenye Telegram Desktop. Picha ya kitambulisho ameifowadi kwa mwenye nyumba. Baada ya wiki moja dili linavunjika, na mpangaji anafuta mazungumzo yote kwa tiki sahihi.

Namba ya NIDA iliyoandikwa inaondoka kwenye simu ya dalali na kwenye kompyuta yake pia, kwa sababu mazungumzo ya kawaida ya Telegram yanahifadhiwa kwenye seva na kila kifaa kilichoingia kwenye akaunti ile kinafuata kinachotokea huko. Ujumbe wa sauti nao unaondoka, isipokuwa kama aliutoa na kuuhifadhi kama faili.

Picha ni habari nyingine. Kwenye Android, ndani ya mipangilio ya "Data and Storage", kuna sehemu ya "Save to Gallery". Dalali akiwa ameiwasha kwa mazungumzo binafsi, picha ilipopakuliwa iliingia moja kwa moja kwenye galari ya simu, na huko Telegram haina mamlaka tena. Kama simu inapeleka picha zake Google Photos, basi nakala nyingine ipo huko. Mpangaji hana namna ya kuona kama mipangilio hiyo imewashwa, kwa hiyo kila picha aichukulie kwamba huenda iko galarini.

PDF ya benki ndiyo inayosahaulika zaidi. Telegram Desktop inapopakua faili, hulihifadhi kwenye folda iitwayo "Telegram Desktop" iliyo ndani ya "Downloads" ya kompyuta. Kufuta ujumbe hakufuti faili lile. Linaendelea kukaa pale na jina lake, na yeyote anayeketi kwenye kompyuta hiyo ya ofisi anaweza kulifungua.

Picha iliyofowadiwa ni nakala inayojitegemea. Imo kwenye mazungumzo kati ya dalali na mwenye nyumba, na mpangaji si sehemu ya mazungumzo hayo. Dalali angejitumia mwenyewe kwenye "Saved Messages" ingekuwa vivyo hivyo. Na nakala inaweza kubeba jina la mpangaji lenye kiungo cha kufika kwenye akaunti yake, kama hakuwa amezuia hilo mapema kwenye "Privacy and Security", kipengele cha "Forwarded Messages".

Ndiyo maana mpangaji huyu anafanya vizuri akiandika kabla ya kufuta, wakati njia ya mawasiliano ingali wazi, na akitaja mahali kwa majina: "Naomba uniondolee picha ya kitambulisho kwenye galari ya simu na Google Photos, faili la benki kwenye folda ya Telegram Desktop, na ile uliyomfowadia mwenye nyumba uifute pande zote mbili." Ombi la jumla kama "naomba ufute vitu vyangu" huishia kwa mtu kufuta mazungumzo tu, kazi ambayo mpangaji angeweza kuifanya mwenyewe. Na ile ya mwenye nyumba dalali anaweza kuifuta kweli, kwa sababu nakala hiyo ni yake na tiki ya pande mbili anayo.

Kuna jambo la kifaa kilichozimwa, na hapa maelezo mengi ninayoyaona mtandaoni yana haraka. Telegram haifuti kitu kwenye simu isiyo na intaneti. Inapeleka amri, na kifaa kinaipokea kinapounganishwa. Simu ya zamani ya dalali iliyo kabatini, ambayo bado imeingia kwenye akaunti yake, ina kumbukumbu ya mazungumzo kama yalivyokuwa siku ilipozimwa. Akiiwasha bila kuunganisha data wala Wai-Fai, anaweza kuyasoma. Ikipata intaneti na Telegram ikafunguka, yanafutika. Kwa upande wako hakuna dalili yoyote ya kukuonyesha hatua hiyo imefika au la.

Wala usitegemee alama za tiki kukuambia kama mtu ameona. Kwenye Telegram tiki moja ina maana ujumbe umefika kwenye seva na mwenzako ametaarifiwa kama arifa zake zimewashwa. Tiki mbili ni kwamba amefungua mazungumzo. Kwa hiyo ujumbe wa tiki moja unaweza kuwa umesomwa wote kwenye arifa ya juu ya skrini kabla hujaufuta. Simu za Android kuanzia toleo la 11 zina pia "Notification history" kwenye mipangilio ya arifa. Mtu akiwa ameiwasha, maandishi ya arifa za saa 24 zilizopita yanabaki pale, hata ya ujumbe uliofutwa. Katika mfano wetu wiki imepita, hivyo mlango huo umeshajifunga wenyewe. Ungekuwa unafuta kitu ulichotuma jioni hii, uhesabu.

Mwenzako pia anaweza kutoa mazungumzo yote kupitia Telegram Desktop: nukta tatu juu ya mazungumzo, "Export chat history", na kompyuta inatengeneza folda yenye maandishi, picha na mafaili, kwa HTML au JSON. Wewe hupati taarifa. Folda hiyo haiguswi na chochote utakachofuta baadaye. Kadhalika programu zisizo rasmi: msimbo wa programu za Telegram uko wazi, watu hutengeneza matoleo yao, na yapo yanayohifadhi ujumbe uliofutwa. Na ukiongea na boti, yaani akaunti inayoendeshwa na programu badala ya mtu, kufuta mazungumzo hakufikii kumbukumbu zilizo kwenye seva ya mwenye boti.

Mazungumzo ya siri, yaani "Secret Chat", yanapunguza mengi ya haya. Hayakai kwenye seva, yapo kwenye vifaa viwili tu vilivyoyaanzisha, hayafowadiwi, na hayaonekani kwenye Telegram Desktop ya Windows. Unaweza kuweka kipima muda ili ujumbe ujifute baada ya kusomwa. Bado sheria ya kifaa kilichozimwa inahusika, na hakuna kinachomzuia mtu kupiga picha skrini kwa simu ya pili. Kwa kitambulisho kimoja ambacho mtu anahitaji kukitazama tu, picha ya kutazamwa mara moja inatosha: kabla ya kutuma, gusa alama ya muda kwenye picha na uchague "View Once".

Kipima muda cha kujifuta katika mazungumzo ya kawaida nacho ni kizuri, lakini kinahesabu ujumbe uliotumwa baada ya kukiwasha. Yaliyotangulia hayaguswi, lazima uyafute kwa mkono.

Mwisho niseme kuhusu wanaofuta akaunti nzima wakidhani ndiyo njia kali kuliko zote. Kwa lengo hili ni njia dhaifu. Ujumbe uliowatumia watu unabaki kwao, na jina lako linageuka kuwa "Deleted Account". Akaunti ikishaondoka, huna tena pa kuwekea ile tiki. Kama umeamua kuondoka Telegram, anza na mazungumzo moja moja, futa pande zote mbili, halafu ndiyo uifute akaunti.